Acheni kuniletea lundo la kapture! Ukurasa wa maandishi unahifadhiwa PDF

Deklaran_Kampemba

Nafungua uzi huu na hasira, na sitaificha.

Biro yetu hapa Lubumbashi inapitisha mizigo ya watu Kasumbalesa. Kuna kampuni ya usafirishaji, jina naliacha, ambayo bei zake zote ziko mtandaoni: jedwali refu lililopangwa kwa namba za forodha. Bei zikibadilika hawatangazi. Ya zamani inafutwa, mpya inakaa palepale, nawe utajijua. Ndiyo maana nilimwagiza stajere wetu: kila tunapompa mteja bei, ukurasa ule uhifadhiwe siku hiyohiyo.

Kahifadhi kweli. Kwa kapture! Folda nzima imejaa mafaili yanayoanza na `Screenshot_` na tarakimu ndefu nyuma.

Sasa mteja wa matairi ya malori kaja juu, anasema bei aliyoambiwa siyo hii tunayomdai. Naandika 4011 kwenye folda: hakuna kitu. Nafungua picha, nabonyeza Ctrl+F: hakuna. Kwa kompyuta ile si namba, ni madoa meusi kwenye meupe. Basi nikaanza kusoma kwa macho, picha moja baada ya nyingine, umeme wenyewe ukikatika katikati. Nafika 4011.10, matairi ya gari ndogo. Nafungua picha inayofuata, inaanzia 4012, matairi yaliyotumika. 4011.20, ya malori na mabasi, ndiyo ninayoitafuta, iliangukia katikati kijana alipovuta skrini kwa kidole. HAIPO.

Na ukimuuliza kwa nini hakuhifadhi PDF, anajibu: "Yaya, hatuna emprimante." Nani kakwambia utoe karatasi? Kwenye Chrome ya simu unagusa vitone vitatu, `Partager`, kisha `Imprimer`, na pale juu wanapouliza printa unachagua `Enregistrer au format PDF`. Kwenye kompyuta ni Ctrl+P, halafu chaguo hilohilo. Mashine ya kuchapa haihusiki hata kidogo!

Katuba_Original

Vye, punguza presha. Miye nabebaka zile kapture zote, naziingiza mu aplikasyo ya kugeuza picha, inatoka PDF moja safi. Njo vile, inaisha.

Deklaran_Kampemba

Inaisha wapi? Fungua hiyo PDF yako safi, utafute neno lolote unaloliona kwa macho. Lete jibu hapa.

Katuba_Original

…Haipati. Lakini ni PDF!

FundiMashine

Katuba, PDF ni kama bahasha: ukitia picha ndani, inabaki picha. Njia ya haraka ya kujua ni kuweka kidole au kipanya juu ya neno moja na kujaribu kulichagua. Neno likikubali peke yake, maandishi yapo. Kama ukurasa mzima unashikika kwa mkupuo, au hakuna kinachoshikika, umehifadhi picha. Kwenye kompyuta yenye Linux mimi napitisha hivi:

```
pdftotext tarifu.pdf - | grep 4011
```

Mistari ya 4011 ikitoka, uko salama. Isipotoka, usimfukuze stajere bado. Tazama kwanza kama jedwali lenyewe kwenye tovuti si picha waliyoibandika. Wengine wanaskani karatasi na kuiweka mtandaoni, na hapo hata Ctrl+P haitakuokoa.

Mama_wa_Kenya

Mimi simu yangu imejaa picha za risiti za soko, inakataa hata kupokea sauti za watoto. Nikizifanya PDF zitapungua uzito?

FundiMashine

Mama, hilo ni jambo jingine. Risiti ya karatasi uliyoipiga picha itabaki picha, na uzito hautapungua sana. Zihamishie kwenye flashi, ufute za simu.

Ruashi_Net

Mnahangaika bure. Kuna programu za kusoma maandishi ndani ya picha, mtu anafanya kapture zake kisha anaisomesha mashine.

FundiMashine

Zipo na zinasaidia, natumia `ocrmypdf` kwa barua za zamani. Ila kwa jedwali la namba nina wasiwasi. Inachukua 1 inaandika herufi l, inachukua 0 inaandika O, na picha iliyopita WhatsApp imebanwa ndiyo mbaya zaidi. Ukitafuta 4011 huku mashine imeandika 401l, hupati, na utaamini kabisa kwamba mstari haupo. Tena mstari uliorukwa haurudishwi na programu yoyote. Kama ukurasa bado uko hewani, kwa nini ubahatishe kusoma picha ya maandishi wakati maandishi yenyewe unayo?

Deklaran_Kampemba

Haya, nimehifadhi mwenyewe ukurasa wa leo. Ctrl+P, PDF, natafuta 4011.20: HAKUNA! Natafuta 8703, magari: ipo. Nani ananichezea?

FundiMashine

Jedwali lao linajikunja? Kuna sehemu unabonyeza ndipo zinafunguka?

Deklaran_Kampemba

Ndiyo, kila sura ina kimshale. Ya magari nilikuwa nimeifungua.

FundiMashine

Ndiyo sababu. Kinachoingia kwenye PDF ni kile kilichofunguka. Fungua sura zote kwanza, shuka hadi chini kabisa usubiri kila kitu kipakie, ndipo ubonyeze Ctrl+P. Kama ziko nyingi na zimetengenezwa kwa `details`, bonyeza F12, nenda `Console`, ubandike hii:

```
document.querySelectorAll('details').forEach(d => d.open = true)
```

Kama wameunda vimshale kwa njia yao nyingine, haitafanya kitu, utabonyeza kwa mkono. Tazama pia upande wa kulia kwenye onyesho linalokuja kabla ya kuhifadhi. Jedwali pana hukatwa, na safu inayopotea ni ya mwisho, mara nyingi ndiyo ya bei. Weka `Paysage`, au punguza `Échelle` mpaka iingie yote. Halafu ndani ya `Plus de paramètres` uwashe `En-têtes et pieds de page`, ili tarehe na anwani ya ukurasa viandikwe pembeni mwa kila karatasi.

Deklaran_Kampemba

Safu ya bei ilikuwa imekatwa kweli. Nimelaza karatasi, nimeshusha hadi 70, 4011.20 imepatikana na bei yake. Kichwa cha tovuti kinajirudia kila karatasi na kufunika mstari wa kwanza, lakini nikitafuta namba iliyofunikwa inapatikana. Aliyebuni kichwa kinachoganda sijui alikuwa anamtumikia nani.

Ruashi_Net

Mimi kwenye Windows nachagua `Microsoft Print to PDF`, si ni kilekile?

FundiMashine

Karibu. Viungo vya kubonyeza vinapotea, na maandishi mara yanabaki, mara hayabaki. Chagua ile ya kivinjari chenyewe.

Katuba_Original

Sawa, lakini mteja wa matairi atakubali? PDF hata miye naweza kuibadilisha, na ile tarehe inatoka kwa saa ya kompyuta yako.

FundiMashine

Hapo umegusa. Inakusaidia wewe kupata kitu, haimlazimishi mtu kukuamini. Ukimtumia mteja kwa imeili siku ileile ya bei, angalau naye ana nakala yake na tarehe yake.

Ruashi_Net

Mahakamani kapture na PDF ni sawa tu, zote zinabishiwa.

Deklaran_Kampemba

Mahakama iko mbali, mteja yuko mlangoni kwangu. Bei ya siku ile sinayo. Kuna mtu humu alihifadhi ukurasa ule kabla haujabadilika? Anitumie, na atume kama `Document`, asinipigie picha!