Naomba ushauri: anova au kai-mraba kwa data hizi?

Habari zenu ndugu, naomba msaada wenu kwenye uchambuzi.

Nina wakulima 90 wa mahindi katika makundi matatu ya mbegu, 30 kila kundi: ya kienyeji, chotara na iliyoboreshwa. Kwa kila mkulima nimepima mavuno kwa kilo kwa ekari, na nimeuliza kama aliuza ziada, ndiyo au hapana.

Kwa mavuno nilianza na jaribio la t kwa kila jozi. Nikaliacha, maana majaribio matatu kwa kiwango cha 0.05 yanapandisha uwezekano wa kupata tofauti ya uongo hadi karibu asilimia 14. Sasa nimetumia anova, lakini jaribio la Levene limetoa p ya 0.01, yaani mtawanyiko wa makundi haulingani.

Swali la kuuza linahusu idadi ya watu, si wastani, hivyo nikaenda kwenye kai-mraba. Waliouza ni 2, 4 na 6 tu, kwa hiyo idadi tarajiwa ni 12 × 30 ÷ 90 = 4 kila kundi. SPSS inaonya:

```
3 cells (50.0%) have expected count less than 5.
```

Maswali yangu ni mawili. Kwa mavuno, nihamie anova ya Welch na kulinganisha jozi kwa Games-Howell? Kwa mauzo, nitumie jaribio la Fisher, au niunganishe chotara na iliyoboreshwa? Kuunganisha kunanitia wasiwasi, kwani swali la utafiti linazitenganisha.