Boti ya bei imeniaibisha Instagram, nisaidieni kabla ya Jumamosi

MamaViti_Nax: Wadau, nauza sofa hapa Nakuru. Nimeunganisha boti Insta: mtu akiandika BEI kwenye komenti, anapata orodha ya bei inboksi. Mwanzoni ilikuwa raha. Sasa watu wananirushia maneno na wateja wamepungua. Nataka boti iwatumie wote ujumbe wa kuomba radhi. Nimeshauandika, shida haukubali kwenda. Nibonyeze wapi?

Mwalimu_Mstaafu: Dawa ni kuandika bei kwenye picha. Sisi wazee tunataka kujua kiti ni ngapi, mnatuambia njoo inboksi kama tunanunua bangi.

JaboyaKondele: Mwalimu 😂😂

MamaViti_Nax: Mwalimu, nikiweka bei wazi jirani anashusha elfu mbili kesho yake.

Shem_wa_Kakamega: Meta hawapendi boti kabisa, watakufungia akaunti. Binamu yangu alifungiwa.

Otis_Kisumu: Binamu yako alimpa mtu paswadi yake, sivyo? Hapo ni haki afungiwe. Ukiingia kwa ruhusa rasmi ya Meta, kujibu komenti kwa ujumbe wa siri kunakubalika. Mama, kwa nini uwaombe radhi? Orodha ya bei haimkasirishi mtu.

MamaViti_Nax: Ni mambo ya ndani. Niambieni tu ya kutuma.

Otis_Kisumu: Nitakujibu nini na sijui boti ilimwandikia nani?

MamaViti_Nax: Sawa. Fundi wangu alifiwa na mama yake. Niliweka picha ya rambirambi. Shangazi yake akaandika "Mama hana bei, lala salama." Boti ikamjibu hapo hapo hadharani "Tumekutumia inboksi bosi 🔥", na inboksi akapata seti ya viti saba, sh. 45,000, asante kwa kupenda bidhaa zetu. Wengine wanne wakaandika vivyo hivyo, nao wakatumiwa. Fundi hajaja kazini.

JaboyaKondele: Wuueh.

Binti_Bondeni: Hii hadithi ni ya kutunga. Boti unaipa posti moja, itafikaje kwenye matanga? Kesho atatokea mtu hapa "nina boti nzuri, nipigie". Tumewazoea.

Otis_Kisumu: Inafika, dada. Kuna chaguo la posti moja na chaguo la posti zote. Mama, ulichagua lipi?

MamaViti_Nax: Zote. Napiga picha kila siku, sina muda wa kuiwekea kila moja. Na nimelipia mwaka mzima, siizimi.

Otis_Kisumu: Usiizime. Toa tu lile chaguo la posti zote, boti ibaki kwenye picha za viti. La pili, umeiambia itafute komenti yenye neno BEI ndani yake. Kwa hiyo "bei yenu ni ya wizi" nayo inapata orodha, na mwenye malalamiko anaona mnamcheka. Tumia neno lisilojitokeza kwenye mazungumzo, kama VITI7.

Kuhusu radhi: komenti moja inaruhusu boti ujumbe mmoja wa siri, na wako ulishakwenda. Mtu akikujibu ndipo unapata saa 24 za kuendelea naye. Shangazi hakujibu, kwa hiyo hata ubonyeze mpaka asubuhi hautakwenda. Shika simu umwandikie kwa mkono wako. Bora zaidi umpigie. Hayo majibu ya hadharani ya moto yafute leo.

Shem_wa_Kakamega: Afadhali aweke komenti iwe neno hilo peke yake, bila chochote kingine.

Otis_Kisumu: Hilo linasaidia, ila "VITI7 tafadhali" haitajibiwa, na watu wetu wana adabu. Utapoteza wateja wa kweli. Mimi huiacha boti ijibu komenti yoyote yenye neno hilo, na kila jioni napitia komenti. Wengine watapinga.

Mwalimu_Mstaafu: Mke wangu aliandika BEI kwa duka moja, mpaka leo anangoja.

Otis_Kisumu: Kama halifuati lile duka, aangalie maombi ya ujumbe, `Message requests`. Mara nyingi hutua huko na simu hailii. Mama, jaribu kwa akaunti nyingine isiyokufuata uone mteja anaona nini.

Binti_Bondeni: Bado siamini. Tuonyeshe skrinishoti.

MamaViti_Nax: Ya msiba wa watu? Siweki. Otis, nimejaribu kwa simu ya mtoto, kweli imejificha kwenye maombi. Majibu ya moto nimefuta. Lakini neno BEI nabaki nalo, liko kwenye bango la duka na kwenye pikipiki ya kusambaza.

Otis_Kisumu: Basi angalau lile chaguo la posti zote ulitoe kabla ya Jumamosi. Si ndiyo siku ya mazishi?

MamaViti_Nax: Ndiyo. Nimelitoa. Naenda na fundi mwenyewe, shangazi nitamkuta huko.