Mafuta ya mwilini yanatokea wapi? Mwalimu wa mazoezi kaniambia "puani"

Mama Tusa
Wakuu, salamu kutoka Uyole, baridi ya mwezi huu wa saba si ya kawaida. Naomba ushauri. Jumamosi tulipanda mlima Loleza, nikavaa koti la nailoni ndani na sweta juu ili nitoke jasho vizuri. Kabla ya kupanda mzani ulisoma 84.0, tuliporudi 82.6, na njiani nilikunywa nusu lita ya maji tu. Nikashangilia. Jumapili jioni mzani ule ule ukasoma 83.9.

Nikamlalamikia kijana anayetufundisha mazoezi. Akasema, "Mama, ulitoa maji. Mafuta hayatoki kwa jasho, yanatokea puani." Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Anatutania? Na kama ni kweli, nikihema kwa nguvu nyumbani si nitapungua bila kupanda mlima?

Ngosi wa Mwanjelwa
Anawatania huyo. Kuhusu jasho yuko sawa, jasho ni maji na chumvi. Ila mafuta yanaungua mwilini yanageuka nguvu na joto, basi. Ndiyo maana ukipanda mlima unavua sweta. Hakuna kinachotoka puani zaidi ya makamasi ya baridi.

Kamwene Kihesa
Dada Mama Tusa, usicheze na hewa ukaa! Huku Iringa kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa ndani, asubuhi hawaamki. Kama unahisi puani kuna kitu, fungua madirisha kwanza.

Mwalimu Mstaafu
Kamwene, onyo lako ni jema, lakini ile inayoua kwenye jiko ni hewa nyingine, kabonimonoksaidi. Mama Tusa anaulizia hewa ambayo kila mmoja wetu anaitoa sasa hivi anaposoma hapa.

Ngosi, ulichosema wengi wanakiamini, hata wenye taaluma. Mwaka 2014 Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales kule Sydney walichapisha hesabu ya jambo hili hili. Waliwauliza madaktari, wataalamu wa lishe na walimu wa mazoezi 150 mafuta yanakwenda wapi, na wengi wao walijibu kama wewe: yanageuka nguvu.

Sasa nikuulize. Ukinunua gunia la mkaa, likaisha mwezi mzima, jivu linajaa ndoo moja. Mkaa wenyewe umekwenda wapi? Umekwenda hewani. Joto ulilipata, ndiyo, lakini joto halina uzito ambao mzani wa nyumbani ungeuona. Kilichokuwa na uzito ni kaboni, nayo ilishikana na oksijeni ikaondoka kama hewa. Mafuta ya mwili nayo ni kaboni, haidrojeni na oksijeni kidogo; wale jamaa walitumia fomula C55H104O6 kama mfano wa mafuta ya kawaida ya binadamu. Yakiungua taratibu ndani ya misuli na viungo vingine, kaboni inakuwa kabonidayoksaidi, inasafiri na damu hadi mapafuni, unaitoa. Haidrojeni inakuwa maji. Katika kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kwa pumzi na kilo 1.6 zinabaki kama maji, ambayo yanatoka kwa mkojo, jasho, mvuke wa pumzi, popote maji yanapotokea.

Kijana wa mazoezi mpeni heshima yake.

Kaka Makambako
Mwalimu, shikamoo. Nimetafuta hiyo hesabu, naona kilo 10 za mafuta zinatoa kilo 28 za kabonidayoksaidi. Kilo 10 zinazaaje 28? Hapo hamtupigi changa la macho?

Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Umesoma vizuri. Karibu kilo 20 kati ya hizo 28 ni oksijeni uliyoivuta. Kuziunguza hizo 10 unavuta kilo 29 za oksijeni, na mwisho unapata kilo 28 za hewa na 11 za maji. Jumlisha pande zote mbili, 39 kwa 39. Ile 8.4 ni sehemu iliyokuwa mwilini mwako kama mafuta kabla hujavuta chochote.

Mama Tusa
Ndaga fijo, Mwalimu. Sasa mbona nimekaa sebuleni nikahema haraka kama dakika mbili, nikapata kizunguzungu na vidole vikawa kama vinachomwachomwa na sindano? Mume wangu kaniuliza kama nimepandisha mashetani.

Nesi wa Tukuyu
Mama, usirudie, na kamwe usijaribu ukiwa umesimama. Ukihema haraka bila kufanya kazi unaifukuza kabonidayoksaidi iliyokuwa tayari kwenye damu. Ikipungua ghafla, mishipa ya damu ya ubongo inabana, ndicho kizunguzungu hicho. Hakuna mafuta ya ziada yaliyoungua. Pumzi ni bomba la moshi. Kupanua bomba hakuongezi moto jikoni. Moto ni misuli inayofanya kazi.

Halafu tuipime Loleza yako. Mzani ulishuka kilo 1.4, ongeza nusu lita uliyokunywa, umepoteza kama kilo 1.9. Tukadirie ulitumia kalori 1,000 kwa safari hiyo. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, kwa hiyo hata kama ungeunguza mafuta matupu ni gramu 110 hivi. Ila kwenye kupanda mlima mwili unachoma na sukari iliyohifadhiwa, basi tuseme nusu, gramu 55. Ni vijiko vinne vya mezani vya mafuta ya kula. Gramu 46 hivi zilitoka kwa pumzi. Zilizobaki kwenye ile kilo 1.9 karibu zote ni maji, ukayarudisha kwa chai na mchuzi. Koti la nailoni limekuongezea jasho na hatari ya kuzidiwa na joto, hakuna kingine.

Ngosi wa Mwanjelwa
Sawa, nimekubali kwenye uzito. Lakini kama kila pumzi inatoa kaboni, mbona mimi nahema mchana na usiku na kitambi kipo pale pale?

Nesi wa Tukuyu
Kwa sababu unairudisha, kaka. Mtu wa kilo 70 aliyepumzika siku nzima anatoa kama gramu 200 za kaboni kwa pumzi, na nyingi inatoka kwenye ugali na chipsi ulizokula, haijagusa kitambi. Ukila kaboni nyingi kuliko unayoitoa, inawekwa akiba. Saa moja ya kukimbia badala ya kukaa inaongeza kama gramu 40. Andazi moja kubwa linazila sehemu nzuri ya hizo.

Binti Njombe
Naomba kuuliza tofauti kidogo. Baba mdogo amepungua sana tangu Pasaka, na hajabadili chakula. Anakunywa maji mno na anaamka kukojoa mara tano usiku. Na yeye anatoa kwa pumzi?

Nesi wa Tukuyu
Binti, mpelekeni apimwe sukari kesho asubuhi, msisubiri. Sukari ikiwa juu inamwagika kwenye mkojo, kwa hiyo kaboni nyingine inatokea huko, na mwili unachoma mafuta na misuli kufidia. Mkisikia pumzi yake inanuka kama tunda lililoiva mno, au akianza kutapika, ni dharura, nendeni usiku huo huo.

Kaka Makambako
Na huku kwetu juu, hewa nyepesi, tunahema zaidi ya watu wa Dar. Hatupungui haraka kuliko wao?

Mwalimu Mstaafu
Kuhema zaidi kwa sababu hewa ni nyepesi si sawa na kuchoma zaidi. Kutetemeka kwa baridi ndiko kunakochoma, maana misuli inafanya kazi. Ila kwa mtu anayevaa sweta mbili na kukaa jikoni, sidhani.

Ngosi wa Mwanjelwa
Hapo umenisema mimi.