Tupeane uzoefu: Steam Deck OLED au PS5?

Mzee_wa_Padi: Wakuu, hela inatosha kimoja tu, Deck ya mkononi au PS5 ya kwenye TV. Nacheza FC, ile gemu ya soka ya EA, na gemu za hadithi ndefu, na mtaani umeme unakatika jioni. Wenye uzoefu, karibuni.

Fundi_Ilala: Tuanze na betri. Deck OLED ina wati-saa 50, ile ya LCD 40. Gawa kwa wati zinazovutwa: gemu nzito ikivuta 22 kwa jumla, OLED inakaa saa mbili na robo hivi, nyepesi ikivuta 8, inapita saa sita. Mlaji mkubwa ni chipu, kwa hiyo uibane. Bonyeza kitufe cha nukta tatu, nenda kwenye alama ya betri, washa `Use per-game profile` ili gemu nyingine zisiguswe. Weka `Framerate Limit` fremu 40 kwa sekunde kwanza, ndipo `TDP Limit`, yaani kikomo cha wati za chipu, 10, kisha shuka wati moja moja. Jaribu sehemu yenye watu wengi, si chumba kitupu. Ikikwama hapo, rudi juu wati moja. Ukibana wati bila kufunga fremu, chipu inakimbilia fremu isizoweza kuzifikia, na picha inarukaruka.

Kijana_Tanga: Betri si tatizo, chomeka pawa benki yoyote.

Fundi_Ilala: Pawa benki ndiyo, yoyote hapana. Ya simu inayotoa wati 10, gemu nzito inakula kuliko inavyoingia, na asilimia zinashuka huku imechomekwa. Tafuta yenye chaji ya haraka ya PD ya wati 45 kwa tundu la USB-C. Ya mAh 20,000 ina wati-saa 74. Toa zinazopotea njiani, unajaza Deck mara moja na kidogo.

Bi_Rehema: Kwa betri, padi ya PS5 yangu inaisha haraka sana. Nibadilishe?

Fundi_Ilala: Dada, hapa tunaongelea mashine yenyewe. Ila anza kwa kupunguza mtetemo kwenye `Settings`, `Accessories`. Unakula chaji kweli.

Mchezaji_Nakuru: Mzee, umetaja FC, na hapo ndipo uamuzi ulipo. Tangu FC 24, kinga ya EA dhidi ya wadanganyifu haikubali SteamOS, mfumo unaokuja na Deck, kwa hiyo gemu haifunguki. Fortnite nayo vivyo hivyo. Kuweka Windows kunaweza kufungua mlango, lakini unapoteza ule usingizi mzuri: SteamOS unabonyeza kitufe, unarudi kesho palepale. Kwenye PS5 yenye mlango wa diski unanunua diski iliyotumika, unamaliza, unauza. Gemu ya Steam hauiuzi.

Kijana_Tanga: Umeme ukikatika PS5 inazima na sevu inaharibika.

Mchezaji_Nakuru: Inazima, ndiyo. Sevu iko hatarini zaidi ikikatika wakati inaandikwa. UPS inayobeba wati 300 inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, si za kumaliza mechi.

Mzee_wa_Padi: Kuna anayecheza FC kwenye Deck yenye Windows? Inavuta wati ngapi?