Pedali ya breki imekuwa ngumu kama jiwe: tupeane uzoefu wa busta, mpira wake na valvu

Mwenye uzi: Wakuu, tuzungumzie pedali ngumu tu, ile ya kukanyaga kwa nguvu zote na gari bado inasimama kwa kuchelewa. Ulianza kupima nini, na kipi kilikuonyesha tatizo liko wapi kabla hujanunua busta?

Kijiko Kumi: Toeni upepo kwenye breki. Mara nyingi ni hewa imeingia kwenye paipu.

Mzee wa Gereji: Hapana ndugu, hewa kwenye mafuta ya breki huifanya pedali iwe laini na kuzama. Ikiwa ngumu, anza na nguvu inayomsaidia dereva. Zima injini, kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, kisha iache mguu ukiwa juu yake kwa uzito wa kawaida na uwashe injini. Pedali ikishuka kidogo, busta inapata msaada. Isiposhuka kabisa, ama vakyumu haifiki ama busta imekufa, na hapo hujajua ni ipi.

Kwa hiyo chomoa mpira upande wa busta injini ikiwa sailensa na uzibe mdomo wake kwa kidole. Ukivutwa kwa nguvu, rudi kwenye busta. Ukivutwa kidogo, fuata mpira kuelekea injini. Kwa geji, injini nzima ya petroli kwenye sailensa huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki ukiwa karibu na usawa wa bahari. Ukipanda milimani hesabu inashuka karibu inchi moja kwa kila mita 300, kwa hiyo usihukumu injini ya nyanda za juu kwa namba za pwani.

Binti Spana: Yangu inachanganya. Geji kwenye menifoldi inasoma 19, mwisho wa mpira pia 19. Kanyagio la kwanza zuri, la pili likifuata haraka ni gumu. Nikingoja kidogo inarudi sawa. Nimeambiwa ninunue busta.

Mzee wa Gereji: Usinunue bado. Dalili hiyo inafanana sana na mpira uliobanika ndani. Geji ukiiweka mwishoni mwa mpira uliozibwa, hewa haitembei, kwa hiyo hata tundu dogo mno litafikisha 19 likipewa muda. Ukikanyaga, busta huingiza hewa ya nje, na hewa hiyo lazima itolewe kupitia mpira. Tundu likiwa jembamba inatoka taratibu, na kanyagio la pili linakukuta busta haijajijaza.

Unganisha geji kwa kiungo cha njia tatu kati ya valvu na busta, kisha kanyaga na uachie mara mbili. Sindano ikianguka na kupanda mara moja, njia ni wazi. Ikianguka na kupanda kwa kujivuta, njia imebanwa. Minya mpira kwa vidole ukiwa wa moto. Uliolowa oili huwa mlaini na hujikunja unapovutwa, ilhali nje unaonekana mzima.

Binti Spana: Karibu na menifoldi umelowa oili kweli. Lakini valvu nayo haiwezi kuleta hilo?

Mzee wa Gereji: Inaweza, ikikwama nusu wazi. Itoe na uipulize upande wa busta: hewa lazima ipite kirahisi kuelekea injini. Geuza upulize upande wa injini: isipite hata kidogo. Ikipita pande zote mbili, dalili yake ni tofauti na yako. Ukizima injini msaada hutoweka mapema, na baada ya kusimama kwa muda kanyagio la kwanza huwa gumu. Kagua pia raba inayoshika valvu kwenye busta, ikipasuka hufanya vilevile. Na usiweke mpira wa maji mahali pa ule wa vakyumu, utajikunja wiki hiyo hiyo.

Dereva wa Usiku: Nyongeza moja: ukisikia "sss" chini ya dashibodi pedali ikiwa imeshikiliwa na sailensa ikibadilika, hapo ni busta yenyewe. Na mafuta ya breki yakipungua bila kuonekana yanapovujia, chomoa masta silinda uangalie nyuma yake. Yakivuja kuingia kwenye busta huharibu mpira wa ndani, na ukibadilisha busta peke yake mpya nayo itakufa.

Kijiko Kumi: Sawa kuhusu hewa. Ila pedi zilizoungua na kung'aa pia hutaka nguvu nyingi.

Mzee wa Gereji: Kweli kabisa, na hapo pedali bado itashuka ukiwasha injini.

Baba Dizeli: Yangu ni dizeli, vakyumu inatoka kwenye pampu ya nyuma ya altaneta. Ngumu sailensa tu, nikikanyaga mafuta inalainika.

Mzee wa Gereji: Pampu iliyochoka hufanya hivyo, mvujo mdogo nao hufanya hivyo. Weka geji moja kwa moja kwenye pampu, bila mpira, kisha utupe namba ya sailensa na ya injini ikizunguka kasi. Mpaka hapo usiendeshe gari hiyo.