Zimeni hizo hazadi mvua ikinyesha!

Msafiri wa Voi: Nani aliwadanganya madereva wa Barabara ya Mombasa kwamba tone la kwanza la mvua likidondoka, lazima wabonyeze kile kitufe cha pembetatu? Jana, baada ya Voi, trela mbele yangu hazadi zawaka na mwendo ni 80. Nikatoka nilipite. Mara likahamia kulia kukwepa lori lililoharibika, bila ishara, maana hazadi zikiwaka indiketa haionekani tena! Nikapiga honi, nikaishia kwenye changarawe. Naye akanijibu kwa honi ndefu ya matusi. Honi ni ya kuepusha ajali, si ya kutukanana!

Baba Neema: Pole, lakini tulia. Mvua ya Tsavo unaijua? Bila hazadi nitagongwa nyuma. Lazima nionekane.

Karani Mstaafu: Kuonekana ni kazi ya taa kubwa zilizoshushwa. Ukiziwasha, za nyuma nazo zinawaka, na indiketa inabaki huru. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Viena wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani mwaka 2009, na Katiba, ibara ya 2(6), inaufanya sehemu ya sheria zetu. Hazadi ni kwa gari lililoharibika au kupata ajali na haliwezi kuondolewa mara moja, au kuwaonya wenzako kwamba kuna hatari inayokaribia. Mvua kila mtu anaiona, mzee.

Baba Neema: Si umesema hatari inayokaribia? Mvua hiyo je?

Karani Mstaafu: Hapo mawakili watabishana. Mimi nawasha hazadi foleni ikisimama ghafla mbele na nyuma yangu kuna basi. Basi likishapunguza mwendo, nazima.

Mama Pendo: Samahani, nachanganya mambo. Matatu ilinipiga taa mbili nikitoka kituo cha mafuta, nikajua ananipa nafasi. Nikaingia, akaning'oa kioo. Sasa anadai nimlipe bampa!

Kijana wa Mariakani: Taa mbili maana yake polisi wako mbele. Kila mtu anajua.

Karani Mstaafu: Hiyo ya polisi ni mila yetu ya barabarani, haimo kwenye mkataba. Usiku taa hushika nafasi ya honi. Mchana pia unaweza kuzitumia nje ya mji, kumjulisha dereva kwamba unataka kumpita. Kwa hiyo ujumbe wake ni "niko hapa, jihadhari." Mama Pendo, huyo pengine alikuwa anakuonya usitoke. Wewe ndiye ulikuwa unaingia barabarani, kwa hiyo kumpisha ni juu yako. Lakini kama alikuwa anakimbia kupita kiasi, usikubali kulipa kabla ajali haijapimwa.

Mama Pendo: Nilishamtumia nusu kwa Empesa…

Msafiri wa Voi: Tusiliache trela langu! Kamera yangu imenasa nambari yake na zile hazadi. Niripoti Voi au Mtito Andei? Baba Neema, usinijibu wewe.

Baba Neema: Voi. Na ueleze pia ulilipitaje katika mvua hiyo.