Bendera ikifika asilimia 100, kazi imeisha au bado?

Mjenzi_Umoja: Tulifungua njia mpya ya kulipa karo nyuma ya bendera `karo_mpya`, yaani swichi inayoamua nani aone njia mpya na nani abaki kwenye ya zamani. Tulianza na wafanyakazi wetu, kisha wazazi asilimia 5, 25, 50, na wiki hii 100. Meneja amefunga tiketi, anasema tumemaliza. Mimi nasema bado, mpaka bendera na msimbo wa zamani vitoke. Nani ana haki hapa?

Fundi_Ngara: Haki iko kwako, ndugu, ila kosa lilianza mapema. Tiketi zilipaswa kuwa mbili tangu siku ya kwanza. Moja ya kufuatilia hatua: leo tuko asilimia ngapi, nani alipandisha, tuliangalia nini kabla ya kupandisha. Nyingine ya kuondoa, yenye jina la yule yule aliyeiandika bendera, maana yeye ndiye anayekumbuka imejificha wapi. Ukingoja mpaka 100 ndipo uifungue ya pili, utakuta mwenyewe ameshahamishiwa kazi nyingine.

Lakini usiifanye kwa pupa. Pale nilipokuwa zamani, mwenzetu alipewa kazi ya usafi. Akafungua dashibodi, akaona bendera imekaa 100 wiki nyingi bila kuguswa, akaifuta. Kumbe msimbo uliokuwa hewani bado ulikuwa unaiulizia:

```python
if bendera("risiti_mpya", mteja_id, default=False):
    tuma_risiti_mpya(malipo)
else:
    tuma_risiti_ya_zamani(malipo)
```

Bendera isipopatikana, jibu ni `False`. Kwa hiyo wateja wote walirudi njia ya zamani kwa mkupuo, na hakuna kosa hata moja lililoandikwa kwenye kumbukumbu za seva, kwa sababu kwa mashine hilo si kosa. Tulichoona ni mstari wa njia ya zamani kwenye grafu. Ulikuwa umelala sifuri, ghafla ukapanda. Bahati yetu tulikuwa hatujauondoa ule mstari. Tuliiunda bendera upya kwa jina lile lile, tukaiweka 100, mambo yakatulia.

Kwa hiyo anza na msimbo. Tafuta kila mahali inapotajwa kwa `git grep -n karo_mpya`, bakisha tawi jipya peke yake, peleka hewani kwenye seva zote. Kisha ngoja hadi uwe na hakika hamtarudisha toleo la nyuma, kwa sababu toleo la nyuma bado linaiulizia. Ndipo uifute kwenye dashibodi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayofunga tiketi.

Kijana_Rongai: Mnajisumbua bure. Andika tarehe ya mwisho ndani ya msimbo, na majaribio yafeli yenyewe siku hiyo ikipita. Hakuna atakayesahau tena.

Fundi_Ngara: Nusu nakubali. Tarehe iwepo. Lakini majaribio yakifeli yanamzuia kila mtu, hata anayepeleka marekebisho ya dharura Ijumaa usiku ambaye bendera haimhusu kabisa. Nimeona atakachofanya: atasogeza tarehe miezi 6 mbele, aendelee na kazi yake. Afadhali tarehe imkumbushe mwenye bendera kila asubuhi kuliko kumfungia jirani mlango.

Dada_Dawati: Samahani nikiingilia, mimi si mhandisi, napokea simu za wazazi. Mlipokuwa asilimia 25 mzazi alinipigia akiniambia anaona kitufe cha "Lipa sehemu". Kwangu kitufe hicho hakikuwepo. Nikamwambia amekosea ukurasa. Mzazi hakuwa amekosea. Yeye alikuwa ndani ya ile 25 na mimi niko nje. Hiyo tiketi ya hatua mnayoisema, sisi huku dawatini hatujawahi kuiona. Naomba kitu kimoja tu: nikiandika namba ya mzazi, nione yuko upande gani.

Mjenzi_Umoja: Dada, pole sana, hilo ni kosa letu. Nitaliweka kwenye ukurasa wako wa huduma.

Baba_Zuri: Asilimia si zinawekwa Play Store? Sisi tunatoa toleo kwa asilimia 10 ya simu, tukiona shida tunasimamisha. Hakuna msimbo wa kusafisha baadaye.

Fundi_Ngara: Hayo ni mambo mawili, mzee wangu. Ukisimamisha kule dukani, simu mpya hazitapata toleo, lakini zilizokwisha kulipata zitabaki nalo. Bendera inazimwa kwenye seva, na simu inarudi njia ya zamani bila kupakua chochote. Ila umenikumbusha jambo ambalo Mjenzi hakulitaja. Mna programu ya simu?

Mjenzi_Umoja: Tunayo, ya Android. Nayo inasoma bendera hiyo hiyo.

Fundi_Ngara: Basi hapo ndipo pagumu. Seva zako unaweza kuzibadilisha zote leo jioni. Simu za wazazi huwezi. Kuna mwenye simu iliyojaa picha, na kuna anayesasisha akipata waifai tu. Toleo lao bado linauliza `karo_mpya`, na ukiifuta wanarudi kwenye fomu ya zamani inayopeleka malipo kwenye tawi ulilokwisha kulitoa. Angalieni ni matoleo gani bado yanaingia, kisha ama mlazimishe kusasisha, ama seva iendelee kujibu "ndiyo" kwa jina hilo hata baada ya msimbo wake kusafishwa. Mimi ningechagua la pili. Mzazi asifungiwe nje kwa ajili ya usafi wetu.

Mlinzi_wa_Seva: Mimi napinga yote. Mimi ndiye ninayeamshwa saa nane usiku. Bendera ikiwepo nazima, nalala. Mkiiondoa sina pa kushika.

Fundi_Ngara: Swichi ya dharura ni halali, kaka, ila itangazwe hivyo na njia ya zamani ijaribiwe kila wiki. Miezi 4 baadaye hifadhidata itakuwa na safu ambayo njia ya zamani haiijui, na utakapozima utazua shida ya pili juu ya ya kwanza. Na jina la bendera lisirudiwe kamwe. Knight Capital, kampuni ya Marekani ya kununua na kuuza hisa, 1 Agosti 2012 walitumia tena bendera ya zamani kuwashia kazi mpya. Seva 1 kati ya 8 haikupata msimbo mpya. Kwenye hiyo moja, bendera iliamsha msimbo uliokuwa hautumiki tangu 2003 lakini haukuwa umeondolewa. Ndani ya dakika 45 hivi walipoteza zaidi ya dola milioni 400.

Mlinzi_wa_Seva: Hiyo ya kujaribu kila wiki nitaikubali siku nitakayoiona ikifanyika. Na hilo la kuondoa, mbona haraka? Mlifika 100 shule zimefungwa. Januari wazazi wote watalipa ndani ya siku chache, na ndipo tutajua kama njia mpya inabeba. Asilimia 100 ya watu wachache si jaribio.

Mjenzi_Umoja: Hilo sikuliwaza. Kwa hiyo tungoje hadi shule zifunguliwe?

Fundi_Ngara: Hapo Mlinzi amenishinda. Ngojeni, lakini tiketi ya kuondoa ifunguliwe leo, iandikwe tarehe ya wiki ya pili baada ya kufungua shule.

Kijana_Rongai: Na msimbo mpya mtakaoandika kuanzia sasa hadi Januari, utaandikwa kwa njia mbili? Kila badiliko la karo mara mbili?

Mlinzi_wa_Seva: Ndiyo, mara mbili.

Kijana_Rongai: Mimi siwezi kukubali hilo. Tutaandika njia mpya peke yake, na siku utakayozima utakuta ya zamani haina punguzo la ndugu wawili shule moja.

Mjenzi_Umoja: Punguzo hilo liko kwenye kazi za wiki ijayo. Nampelekea meneja mjadala huu kesho asubuhi, tiketi ifunguliwe tena. Kuhusu punguzo bado sijui tuliandike wapi.